Maswali na majibu: Faida kwa mtaji inapopandishwa na deni

Tunauza mabati na simenti hapa Lubumbashi. Mwaka juzi faida ilikuwa dola 20 kwa kila 100 za mtaji wetu, mwaka jana 24. Mwenzetu mmoja alitoka mwezi wa sita, tukamlipa kwa mkopo wa banki. Duka linaendelea vizuri?

Kwa hesabu mlizotuma, hapana. Gaweni ile 24 katika sehemu tatu: faida kwa mauzo, mauzo kwa mali yote, mali kwa mtaji wenu. Mwaka juzi faida 36,000 kwa mauzo 600,000 ni asilimia 6. Mauzo hayo kwa mali 300,000 ni mara 2. Mali hiyo kwa mtaji 180,000 ni mara 1.67. Zidisheni, mtapata 20.

Mwaka jana faida 25,200 kwa mauzo 630,000 ni asilimia 4. Mali imefika 350,000, basi imezunguka mara 1.8 tu. Lakini mtaji umebaki 105,000, na mali imekuwa mara 3.33 ya mtaji. Zidisheni tena: 24. Sehemu mbili za kazi yenyewe zimeshuka, deni peke yake ndilo limepanda. Kama uzito wa deni ungebaki ule wa zamani, mngepata 12.

Riba ya banki ilikuwa 6,000. Si ndiyo imekula faida?

Nusu ya kilichopungua, ndiyo. Rudisheni ile 6,000 (kodi tuiache kando) na faida inakuwa 31,200, karibu asilimia 5 ya mauzo. Kwa hiyo pointi moja imeliwa na riba, na nyingine imepotea dukani: ama mmepunguza bei, ama usafiri kutoka Kasumbalesa umepanda. Linganisheni bei ya kununua na ya kuuza bati moja katika miaka yote miwili, na gharama za njia muziandike mbali.

Mzunguko nao una chanzo chake. Mali imeongezeka 50,000 huku mauzo yakiongezeka 30,000 tu. Ingieni depo mhesabu mabati yaliyolala, kisha fungueni daftari la wadeni. Mimi ningeanza na daftari, kwa sababu mauzo ya mkopo yanaonekana kama faida kabla pesa haijaingia.

Mtunza hesabu wetu anapata 17.7, si 24. Nani amekosea?

Hakuna. Yeye amegawa faida kwa wastani wa mtaji wa mwanzo na wa mwisho wa mwaka, yaani 142,500. Kwa kuwa mwenzenu alitoka katikati ya mwaka, njia yake inapima vizuri zaidi kazi ya mwaka mzima. Pesa ya mwenzenu huyo ilitumika miezi sita. Angetoka mwezi wa kumi na mbili, wastani huo ungepunguza mno mtaji uliofanya kazi. Kupima hatari ya leo, shikeni hesabu ya mwisho wa mwaka: deni 245,000 juu ya mtaji 105,000. Bei ya mabati yaliyolala ikishuka, hasara inakula mtaji huo kwanza.