Namba ya umri haikuambii kuhusu hela: geuza kava usome nyuma

"Wadau, dogo wangu ana miaka 10, nataka kumchukulia gemu za PS4 Kariakoo. Zile namba kwenye kava zinamaanisha nini, na kuna nyingine zina herufi, hizo nazo vipi? Muuzaji kasema nichukue yoyote yenye 3 au 7 sitakosea."

Mkuu usitoe hela kwanza! Huyo muuzaji wako kama sio yule yule wangu basi wamesoma darasa moja. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, "broo hiyo ni 3, hata mtoto wa chekechea anacheza", nikachukua gemu ya mpira, nikampa dogo, nikakaa zangu sebuleni najiona mzazi wa kisasa kabisa.

Ile 3 ni ya PEGI, wazungu wa Ulaya, wana 3, 7, 12, 16 na 18. Wanapima kilichomo: damu, matusi, vitisho, mambo ya kikubwa. Hawapimi ugumu, ndio maana hata drafti inaweza kupewa 3 na mtoto wa miaka mitatu atazila kete. Mpira hauna damu wala matusi, ukapewa 3, hapo hawajakosea. Sasa nyuma ya kava, chini, pembeni ya ile namba, kuna vipicha vidogo vyeusi. Ngumi ni vurugu, buibui ni kutisha, na kuna mkono umeshika kadi. Huo mkono ndio ulionimaliza. Chini yake pameandikwa In-Game Purchases, halafu maneno mengine madogo Includes Random Items, yaani ndani kuna vitu vya kununua kwa hela halisi na unanunua bila kujua utatoka na nini. Pakiti za wachezaji. Unalipa, unafungua, unaweza kutoka na mshambuliaji wa dunia au beki wa benchi usiyemjua hata jina, unarudia tena. Kwetu hiyo tunaiita kamari tu, ila haikuipandisha namba ile gemu, ilibaki 3.

Dogo alikuwa anachezea akaunti yangu mimi, yenye kadi yangu ya benki niliyoiweka siku nimenunua gemu moja ya kwangu nikasahau kuitoa. Alianza na elfu kumi na tatu, kesho yake tena, akaja kugundua kuna pakiti ya elfu hamsini na kitu. Meseji za benki zilikuwa zinaingia, mimi naziona nadhani ni makato yao yale ya kila siku (tumezoea kukatwa bwana). Nimekuja kujua siku nanunua Luku, salio halitoshi. Kupiga hesabu, 612,000 kwa wiki tatu. Namuuliza dogo ananijibu kwa upole kabisa, "baba si nilikuwa nabonyeza X tu." Na kweli, alikuwa anabonyeza X tu, maana sikuweka hata nywila ya kulipia. Kwa huruma zote alikuwa hajampata hata yule mchezaji aliyekuwa anamtafuta.

Nikarudi dukani kwa hasira, jamaa ananiambia "lakini matusi hayana." Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Kwa hiyo wewe sahau namba ya mbele kwanza, geuza kava. Ukiuona ule mkono sio lazima uiache, ila mtengenezee dogo akaunti yake ya mtoto: PS4 ingia Settings, kisha Parental Controls/Family Management, mwongeze kama mtoto na umri wake wa kweli, halafu ile Monthly Spending Limit iache sifuri. Na usidhani ukifunga kwa umri imetosha, kufuli la umri linazuia gemu za namba kubwa, gemu ya 3 inapita kama kawaida pamoja na pakiti zake.

Kingine, Kariakoo nyingi ni mtumba. Huo mkono ulianza kuwekwa mwaka 2018, na yale maneno ya vitu vya kubahatisha yakaongezwa 2020. Kava la 2016 au 2017 linaweza kuwa safi nyuma na gemu ina pakiti kama zote. Na ukipewa CD tupu kwenye kifuko cha nailoni, andika jina lake pegi.info usome hapo hapo dukani, muuzaji asubiri, hela si ni yako.

Za herufi ni za Marekani, ESRB, E ni ya wote, E10+ kuanzia miaka kumi. Nazo kule nyuma zinaandika In-Game Purchases vile vile, kwa hiyo geuza tu kava. Ukifika dukani piga picha huko nyuma uitupie humu kabla hujalipa, nipo onlaini mpaka jioni.