Kipenyo cha kalvati huamuliwa mdomoni

Wengi mnaoanza kazi ya barabara za vijijini hukadiria kalvati kwa kuangalia maji yanavyokimbia ndani ya bomba. Kwenye kijito cha msimu chenye mteremko, bomba lenyewe mara nyingi lina nafasi ya kutosha. Kinachobana ni mdomo wa kuingilia.

Chukua kijito kinachopokea maji ya hekta 60 za mashamba na malisho. Mvua kubwa ya kutarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 10 ni milimita 40 kwa saa, na tunakadiria asilimia 30 ya maji yake hutiririka:

Q = C × i × A / 360 = 0.3 × 40 × 60 / 360 = 2.0

Yaani mita za ujazo 2 kwa sekunde; 360 hubadilisha milimita kwa saa na hekta kuwa kipimo hicho. Usiishie hapo. Shuka kijitoni, tafuta majani makavu yaliyonasa vichakani, waulize wenyeji maji yalifika wapi. Ukikuta upana wa mita 3, kina cha wastani cha nusu mita na kasi ya kukadiria ya mita 1.4 kwa sekunde, unapata 2.1. Hesabu mbili zimekubaliana. Moja ikiwa mara mbili ya nyingine, usichukue wastani. Rudi kwenye ramani upime upya eneo linaloleta maji, maana kosa hujificha hapo zaidi.

Sasa, bomba la zege la milimita 900 lililolazwa kwa mteremko wa asilimia 2 linaweza kupitisha karibu mita za ujazo 2.5 kwa sekunde likijaa. Mgeni hufurahi na kuagiza moja. Lakini maji yakisimama mdomoni usawa wa paa la bomba, huingia kama 1.05 tu. Ili 2.0 ziingie, lazima yapande hadi karibu mita 1.9 kutoka sakafu ya bomba. Tuta la barabara likiwa na kimo cha mita 1.7, maji yanapita juu yake huku bomba halijajaa ndani.

Bomba la 1200 hupokea 2.0 maji yakiwa mita 1.2 mdomoni. Tatizo ni kimo: ukiongeza unene wa bomba na udongo wa kulifunika wa sentimita 60, unahitaji tuta la mita 1.9 hivi. Kama huwezi kuinua barabara, weka mawili ya 900. Yanatosha chini ya tuta la mita 1.7. Mimi ningeinua tuta kila inapowezekana, kwa sababu gogo linalopita kwenye 1200 hukwama kati ya midomo miwili.

Na msishawishike na mabomba matatu ya 600 kwa kuwa ni mepesi kubeba. Yote kwa pamoja hupokea kama bomba moja la 900, na kila moja huzibwa na tawi dogo tu.