Maembe manne kwenye kifuko kimoja

Juzi dada mmoja kaniandikia. Ameacha soda, ameacha mandazi ya saa nne, na jioni badala ya kula wali anatafuna tende na embe kavu mbele ya televisheni. Wiki ya sita sasa, na mizani haijashuka hata nusu kilo. "Dada, mimi ni matunda tu, nina kasoro gani?" Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, na jibu nililopewa linaniuma mpaka leo.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya ofisini Dar, kukaa kitini kutwa nzima. Nilinunua zabibu kavu za kopo nikaliweka juu ya meza, kando ya kompyuta. Kila nikipiga simu, kiganja. Kila nikisubiri barua ifunguke, kiganja. Nilikuwa najisifu kweli kweli: wenzangu wanaagiza vitumbua, mimi nala matunda. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika, nilikuwa na daftari. Kila nilichokula nilikipima nikakiandika. Daftari lile lilikuwa safi kuliko hesabu za ofisi.

Miezi miwili baadaye nikawa nimeongezeka kilo 2.5. Nikampelekea daftari mwalimu wangu wa mazoezi. Akafunua kurasa mbili, akalifunga, akasema mbele ya watu: "Mama, hizi hesabu haziwezi kuwa za kweli. Unakula usiku kwa siri." Watu wakacheka. Sikurudi tena pale, na ada ya mwezi ule sikuidai.

Sikuwa muongo. Daftari ndilo lilikuwa na kosa, tena la neno moja. Niliandika "zabibu, gramu 150", halafu nikatafuta kalori za zabibu kwenye jedwali nikapata 69 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo nikajiandikia kalori kama 100 kwa siku. Lakini zile 69 ni za zabibu mbichi, zile zinazoning'inia kwenye vishada. Zabibu kavu zina karibu 300 kwa gramu 100. Nilikuwa nakula 450 naandika 100. Kila siku ya Mungu nilikuwa najidanganya kwa kalori 350, na mwandiko mzuri juu yake.

Kilichonifungua macho si kitabu, ni shangazi yangu wa Tanga. Januari ile nilimkuta uani anaanika embe. Kaskazi imekolea, jua kali, na dodo zimejaa mpaka watoto wamezichoka. Kanikalisha nimenye. Nikaomba mzani wa jikoni, si unanijua.

Tulichukua maembe manne makubwa, yote pamoja kilo 2. Tukatoa maganda na kokwa, ikabaki nyama gramu 1,250. Tukakata vipande vyembamba kama unene wa sarafu mbili zilizobebana, maana kikiwa kinene nje kinakauka na ndani kinavunda. Tukavitandaza kwenye chekeche bila kugusana, juu tukafunika chandarua kuzuia nzi. Mchana tunageuza, magharibi tunaingiza ndani umande usivirudishe nyuma. Siku ya tatu shangazi akachukua kipande akakikunja: hakikuvunjika, na alipokiminya hakikutoa maji. "Tayari," akasema. Vipande vilivyokuwa bado vinanata na vina ubaridi ndani akavirudisha juani, kwani hivyo vikifungwa kwenye kopo ndivyo vinavyoota ukungu vikaharibu na vingine.

Nikapima. Gramu 250. Sinia zima la embe limekuwa kifuko unachoweza kukiweka kwenye pochi.

Gramu 1,000 zimekwenda wapi? Zimepaa. Embe bivu kabla halijaanikwa ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na maji hayana kalori hata moja. Jua linachukua maji peke yake. Sukari haipai. Ilikuwa ndani ya nyama ya embe asubuhi ya kwanza na ipo vilevile siku ya tatu, ila sasa imebanana. Embe ambalo halijaanikwa lina kalori 60 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo gramu zetu 1,250 zilikuwa na 750. Kifuko cha gramu 250 nacho kina 750 zilezile. Zigawe: 300 kwa kila gramu 100. Hakuna kilichoongezwa. Mzigo ni uleule, gunia ndilo limekuwa dogo.

(Vitamini C ni habari nyingine, hiyo jua na hewa vinaila sehemu kubwa. Nyuzinyuzi zinabaki.)

Jioni ile nilikaa barazani na kifuko changu, tukazungumza na shangazi habari za ndugu wanaodaiwa mahari, na kabla ya isha kilikuwa kitupu. Maembe manne! Sasa jaribu kula dodo nne mbichi kwa kikao kimoja. Utotoni tulijaribu. La kwanza tamu, la pili tamu, la tatu maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko na tumbo limekaza kama ngoma, la nne unampa mdogo wako. Tumbo linahisi ujazo, na maji ndiyo yanayolijaza. Ukiyaondoa, umemwondoa mlinzi mlangoni.

Kwa hiyo dada yangu, huna kasoro. Una kifuko. Kwanza, pima. Usile kutoka kwenye kopo wala mfuko. Toa gramu 30 kwenye kibakuli, fungia zilizobaki kabatini, chumba kingine ikiwezekana. Hizo ni kalori 90 hivi. Pili, ukiandika, andika neno "kavu", na utafute kalori za kitu kikavu. Narudia kwa sababu hapa ndipo nilipochekwa: andika "kavu". Na embe kavu la dukani geuza mfuko usome nyuma, maana mengine huchovywa kwenye maji ya sukari kabla ya kukaushwa. Ukiona sukari imetajwa kwenye viungo, hesabu ya shangazi haikuhusu tena.

Tende nazo wengi mnanijibu kwamba ni sunna. Ni kweli, na mfungaji aliyeshinda bila kitu anaihitaji nguvu ile ya haraka. Lakini tende inajikausha yenyewe mtini, inakufikia ina maji kama asilimia 20 tu. Ile kubwa nene ya gramu 24 ina kalori 66. Tatu za kufuturu ni 200. Ukiendelea kuokota moja moja mpaka tarawehe, usiilaumu futari.

Watu wamekazana kuogopa chapati ya mwenzao huku mkono upo kwenye kopo. Chakula hakijali unakiitaje. Ukikiita tunda, ukikiita dawa, mzani unajua uzito wake tu, na ulimi wako haubadilishi kitu.

Siku hizi zabibu zangu naziloweka kwenye maji ya moto usiku, kijiko kikubwa kimoja. Asubuhi zimevimba, nazichanganya na uji. Kalori hazijapungua hata moja, ila maji yamerudi mahali pake. Kopo lenyewe liko juu ya kabati, na mimi ni mfupi.