Maswali na Majibu: Mistari Miwili Ndani ya Daladala

Nimetunga hii niibandike garini: "Dereva punguza mwendo, uhai hauna bei / Ukienda kwa kasi sana, hospitali hatutaki." Naomba uikague.

Mstari wa kwanza una mizani nane kwa nane, na haudai chochote. Wa pili umezidi: *u-ki-e-nda-kwa-ka-si-sa-na* ni tisa, kwa hiyo ulimi unajikwaa pale pale ambapo msomaji angepaswa kushika kasi. Vina vya kati, *ndo* na *na*, havilingani. Mwishoni umeweka *i* ya "bei" na *ki* ya "hatutaki", ukidhani irabu moja inatosha.

Hata hivyo, kasoro kubwa si ya arudhi. Umemwandikia dereva maneno ambayo atayasoma abiria, maana dereva anatazama barabara (tunaomba iwe hivyo), na aliyekaa kiti cha nyuma anabaki na shauri ambalo si lake. Mgeukie yeye aliyekaa, kisha mpe tamko la kutamka. Mimi ningeandika hivi:

*Mbio akiziongeza,*
*Sema: "Dereva, punguza!"*

Kila mstari una mizani nane, na *za* imekutana na *za*. Mstari wa kwanza unataja dalili ambayo abiria anaihisi mwilini, na wa pili unamtilia kauli mdomoni, ili asilazimike kuibuni huku moyo ukimdunda. Nilikusudia kwanza kuandika "shusha", lakini konda akiisikia angegonga bodi gari lisimame, akidhani kuna mtu amefika kituoni kwake.

Je, "kasi" na "basi" ni vina, na "kasi" na "hai" je?

La kwanza ndiyo, la pili hapana: kina ni silabi nzima. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na barua nyingine itakayoliuliza sitaifungua.

Mashairi haya yanapunguza ajali kweli, au ni mapambo tu kama maandishi ya kanga?

Vina peke yake havijapimwa, lakini vibandiko vinavyomhimiza abiria aseme vimepimwa, na kwa namna inayoaminika. Mwaka 2008 James Habyarimana na William Jack walifanya jaribio nchini Kenya katika matatu zaidi ya 2,000. Mengine yalibandikwa ujumbe wa kuwataka abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya, mengine yakaachwa bila kitu, kisha madai ya bima ya makundi hayo mawili yakalinganishwa. Katika yaliyobandikwa, madai yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, la magari zaidi ya 10,000, lilionesha upungufu wa robo hadi theluthi, nami hunukuu hilo la pili kwa kuwa ni la tahadhari zaidi. Kampeni iliyotokana na kazi hiyo Wakenya wanaijua kwa jina la Zusha.

Wanaoninukuu husahau jambo moja. Watafiti hao hawakutegemea hisani ya madereva: waliweka bahati nasibu, na gari lililokaguliwa likakutwa na vibandiko vyake vyote ndilo lililoweza kumpatia dereva wake fedha. Kwa hiyo mwenye gari anayebandika Jumatatu na asirudi kukagua asije kunilalamikia kwamba ushairi umeshindwa. Aingie ndani ya gari lake kila wiki, ahesabu, na anayevitunza amwongezee chochote kwenye hesabu ya siku.

Vibandike wapi?

Kwenye ule ukanda wa bati kati ya dirisha na paa, kila safu ya viti iwe na chake, ili aliyekaa nyuma asilazimike kusoma cha mbele juu ya vichwa vya waliosimama. Visiwekwe kwenye kioo cha mbele, ambako vitamzuia dereva kuona, wala juu ya maelekezo ya mlango wa dharura. Mistari miwili iwe mikubwa, na majina ya wafadhili yakae nje ya gari kama lazima yawepo.

Tukitia picha ya ajali yenye damu, ujumbe hautakuwa mkali zaidi?

Utamfanya abiria ageuze uso, na akigeuza uso hataisoma mistari yenyewe. Aidha, katika daladala hiyo hiyo kuna watoto wanaokwenda shuleni.

Nikimwambia dereva apunguze, konda ananitukana na kuniuliza kama nina gari langu. Nifanye nini?

Usiseme peke yako. Mgeukie wa jirani, umwoneshe kibandiko kwa kidole, kisha mkisome kwa sauti pamoja. Hapo konda atakuwa anabishana na maandishi ambayo tajiri wake mwenyewe ameyaweka. Ndiyo maana nasisitiza mistari mifupi yenye vina, kwani watu wawili wasiojuana wanaweza kuitamka kwa pamoja bila kupatana kwanza. Wakiendelea kukaidi, shuka kituo kinachofuata na uandike namba ya gari, hata kama nauli umekwisha kulipa.