Wakala wa ajira kanitumia barua ya mtu mwingine, nimjibuje?

*Mtaalamu, niko hatua ya mwisho ya kuomba kazi. Jana jioni wakala alinitumia barua pepe yenye kichwa "Barua yako ya ajira". Kufungua, nikakuta ni ya mwombaji mwingine: jina, namba ya kitambulisho na mshahara wake. Sijajibu bado. Nikiifuta na kunyamaza kuna ubaya gani? Na nikisema, sitajiharibia?*

Mjibu leo, na mjibu yeye peke yake. Makosa ya namna hii hayafichiki. Mwenzako atauliza mbona barua yake haijafika, wakala atafungua folda ya barua zilizotumwa, na hapo ataikuta anwani yako. Kama ulikuwa umekaa kimya, maswali yatahamia kwako.

Tena wakala anaweza kuwa anakimbizana na muda. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, na ile ya Kenya ya 2019, zinaweka saa 72 za kuijulisha mamlaka ya serikali ya ulinzi wa data pale uvujaji unapoweza kumdhuru mwenye taarifa, na saa hizo huhesabiwa tangu kosa lijulikane. Ili aandike taarifa hiyo anahitaji kujua mambo manne: ulipokea nini, saa ngapi, umeona kiasi gani, na nakala ziko wapi. Jibu lako likiyabeba hayo, umemfaa kuliko pole yoyote.

Kabla ya kuandika, itazame vizuri anwani iliyotuma. Matapeli nao hupenda kutuma faili la mishahara "kwa bahati mbaya" ili ulifungue kwa udadisi. Kama anwani si ile mliyokuwa mkiandikiana nayo, usijibu hapo. Mpigie wakala kwa namba uliyokuwa nayo.

Ukiridhika ni yeye, fungua ujumbe mpya. Usitumie Forward, maana inabeba kiambatisho, na Reply All ndiyo kabisa. Hata Reply ya kawaida hunukuu maandishi ya chini, na kama taarifa za mwenzako ziliandikwa ndani ya barua yenyewe, utakuwa umezisambaza mara ya pili. Andika hivi:

> Kichwa: Kiambatisho kilichonifikia kimakosa
>
> Habari za leo. Barua pepe uliyonitumia jana saa 11:40 jioni imekuja na barua ya ajira ya mwombaji mwingine. Niliifungua kwenye simu na kusoma ukurasa wa kwanza kabla sijagundua. Sijamtumia mtu yeyote wala kuichapa. Niambie kama niifute, nami nitakuthibitishia nikishaifuta. Naomba pia uangalie kama barua yangu haijaenda kwa mtu mwingine, kisha unitumie iliyo sahihi.

Ona kwamba jina la mwenzako halimo, si kwenye kichwa wala ndani. Umekiri pia kuwa umesoma. Usiandike "sijafungua" ikiwa umefungua: faili likiwa kwenye hifadhi ya pamoja ya mtandaoni, mara nyingi mwenye nalo anaweza kuona nani aliingia. Sentensi ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau. Barua mbili zikibadilishana bahasha, yako nayo ina mahali ilipotua, na una haki ya kujua ni wapi.

Subiri neno lake kabla ya kufuta, kwani huenda akataka jina kamili la faili. Akishasema, futa kweli. Kwenye Gmail, barua iliyofutwa hukaa Trash siku 30, basi iondoe huko pia. Kagua folda ya Downloads na hifadhi ya mtandaoni ambako simu hunakili mafaili yenyewe. Ukiona jaribio lake la kuirudisha barua kwa Recall ya Outlook, usidhani kazi imekwisha. Hiyo hufanya kazi ndani ya taasisi moja tu. Mwenzako usimtafute wewe. Kumjulisha ni kazi ya wakala.

Wakala akikuomba uthibitishe kwa maandishi kwamba umefuta, thibitisha. Akileta fomu inayokutaka ukubali kulipa fidia kwa kosa alilolifanya yeye, usitie sahihi kabla hujaisoma na mtu anayejua sheria.

Kuhusu kujiharibia, kutoa taarifa hakutakuponza. Hatari iko kwenye ule mshahara uliouona. Ukiingia kwenye mazungumzo na kusema "mbona mwingine mmempa kiasi hiki", umetumia taarifa ambayo si yako na umethibitisha kwamba uliisoma kwa makini. Kama kiasi utakachopewa ni kidogo, bishana kwa viwango vya soko vya kazi hiyo na uzoefu wako, vitu ambavyo ungeviweka mezani hata kama barua ile isingekufikia.