Albamu za laivu za roki: sikiliza kinachovuja

Ukianza kazi ya kumiksi maonyesho ya bendi, haitapita muda kabla mtu hajakuletea albamu ya laivu ya roki ya miaka ya 1970 na kukuambia, "Nataka ya kwetu isikike hivi." Usikimbilie mikseri. Kwanza jua unapimwa kwa kipimo gani. Nyingi kati ya albamu hizo zilirekodiwa jukwaani kweli, lakini zikapitia studio kabla ya kufika dukani, na kilichouzwa si kile walichosikia watu waliolipa kiingilio. Ukielewa ni sehemu gani zilirudiwa, na kwa nini hizo na si nyingine, utajua pia maiki zako mwenyewe uziweke wapi.

Tuanze na sababu ya albamu hizi kuwa kubwa, maana ndiyo iliyoleta marekebisho. Mwaka 1969 santuri za magendo zilianza kuzagaa Marekani. Mtu mmoja aliingia na kinasa sauti kwenye onyesho la Rolling Stones huko Oakland mwezi Novemba, na muda si mrefu santuri ya Live'r Than You'll Ever Be ikawa inauzwa bila bendi kupata senti. Kampuni zikaona kwamba watu wako tayari kutoa pesa kwa ajili ya onyesho, tena lenye sauti mbovu. Stones wakatoa la kwao rasmi, Get Yer Ya-Ya's Out!, mwezi Septemba 1970. The Who walikuwa wametangulia mwezi Mei na Live at Leeds, wakaifunga makusudi kwenye jalada la kahawia lililopigwa muhuri, ifanane na za magendo. Kwenye lebo waliandika kwamba ile mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe.

Hapo penye ungamo la mikwaruzo ndipo pa kusimama kidogo. Kwenye mkanda huohuo wa Leeds sauti za waitikiaji hazikunaswa vizuri, kwa hiyo Pete Townshend na John Entwistle waliziimba upya studio. Mikwaruzo ikaachwa, waitikiaji wakabadilishwa. Sisemi ni ulaghai, kwa sababu gitaa, besi na ngoma za albamu ile ni za usiku ule, na ndizo zinazotikisa kifua. Lakini ona jinsi santuri inavyoweza kukuonyesha kovu moja ili usitafute la pili.

Sababu ya pili ilikuwa fedha. Albamu ya studio iliweza kula miezi. Deep Purple walirekodi Made in Japan kwa usiku tatu wa Agosti 1972, wa Osaka na Tokyo, na gharama yake inatajwa kuwa dola 3,000 hivi. Tena kulikuwa na bendi ambazo studio haikuzitendea haki. Kiss walikuwa na albamu tatu zisizouza vizuri, na kampuni yao, Casablanca, ilikuwa hoi kifedha. Septemba 1975 wakatoa Alive!, santuri mbili kwa mpigo, ikawavusha wao na kampuni. Miezi michache baadaye, Januari 1976, ikaja Frampton Comes Alive!, iliyokaa namba moja Marekani kwa wiki 10. Tangu hapo kila kampuni ikataka ya kwake, na santuri inayotarajiwa kuuza kiasi hicho haiachwi na noti zilizokosewa.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Nyuma ya ukumbi huegeshwa gari la kurekodia. Kila maiki ya jukwaani hugawanywa: waya mmoja unakwenda kwenye spika za ukumbi, mwingine unakwenda garini, kwenye mkanda wenye njia nyingi. Made in Japan ilikuwa na njia 8 tu, na baadaye katika muongo huo zikawa 16 na 24. Mwimbaji na njia yake, besi na yake, ngoma zinagawana kadhaa, na hadhira inapewa mbili. Kwa maelezo hayo ni kama kila kitu kimetengana, na ungedhani unaweza kufuta chochote na kukirudia.

Huwezi, kwa sababu jukwaani kila maiki husikia jirani zake. Maiki ya mwimbaji inanasa matoazi yaliyo nyuma yake. Maiki zinazoning'inia juu ya ngoma zinanasa gitaa, besi, na hata sauti ya mwimbaji inayorudi kutoka kwenye spika. Sisi tunaita kuvuja, na kuvuja ndiko kunakoamua nini kirudiwe. Mwitikiaji ni rahisi kuliko wote: anaimba mara chache, na asiposikika vizuri hakuna alama kubwa ya kuficha. Besi nayo hufuatia, kwa kuwa mara nyingi huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gitaa kwa waya, bila maiki, na njia yake inakuwa safi. Solo la gitaa linawezekana kama jukwaa halikuwa na kelele mno. Mwimbaji mkuu ni mgumu. Ngoma karibu hazigusiki, kwa sababu ndani ya maiki zake mna bendi nzima. Ukizifuta umefuta onyesho.

Kwa hiyo sishangai kwamba Eddie Kramer, aliyetayarisha Alive! ya Kiss, amewahi kusema kuwa kilichobaki cha jukwaani kwenye ile albamu ni ngoma za Peter Criss, na mengi mengine yalirudiwa kwenye studio ya Electric Lady, New York. Bendi yenyewe imekuwa ikibishana kuhusu kiasi, ila si kuhusu kurudia kwenyewe. Wale jamaa walikuwa wakiruka na viatu vya visigino virefu huku wakipiga, na gitaa linalorushwa hivyo halikai kwenye sauti yake.

Ukitaka mfano wa kujifunzia kweli, chukua Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya mwaka 1978. Imetokana na maonyesho ya Hammersmith Odeon, London, Novemba 1976, na ya Amerika Kaskazini mwaka uliofuata. Mtayarishaji, Tony Visconti, alisema robo tatu ya albamu ilirudiwa studio, na kwamba ilianza na Phil Lynott kuomba kurekebisha noti chache za besi. Hilo linaeleweka: Lynott alikuwa akiimba na kupiga besi kwa wakati mmoja, na vidole huteleza mtu anapowaza maneno. Meneja wao, Chris O'Donnell, akageuza hesabu: robo tatu ni ya jukwaani, na kilichorudiwa ni waitikiaji na vipande vya gitaa. Wapiga gitaa, Brian Robertson na Scott Gorham, nao walimkanusha Visconti. Hoja yao ni ya kifundi: jukwaa lao lilikuwa na kelele kiasi kwamba sauti zilivuja kila mahali, na sauti ile ya jukwaani haikuwa rahisi kuirudisha studio.

Nani mkweli? Hoja ya kuvuja ni nzito, kwa sababu besi mpya juu ya ngoma zilizobeba besi ya zamani huleta noti mbili zinazosukumana, na sauti ya chini inapwaya. Lakini haifungi kesi. Kama Lynott alirudia noti zilezile kwa mapigo yaleyale, ya zamani inajificha chini ya mpya, na msikilizaji anasikia besi nene tu. Mimi naamini kila upande unahesabu kitu tofauti: mmoja anahesabu njia zilizoguswa, mwingine anahesabu dakika zilizobaki kama zilivyokuwa. Ukigusa noti mbili za besi kwenye wimbo wa dakika tano, umeirudia njia ya besi au hujairudia? Mwaka 2023 lilitoka toleo kubwa lenye maonyesho yenyewe kamili, kwa hiyo sasa unaweza kuweka wimbo uleule wa jukwaani na wa albamu kwenye skrini moja na kuulinganisha, kitu ambacho sisi tulioanza zamani hatukuwa nacho.

Ukiwa huna mkanda wa asili, sikiliza matoazi wakati mwimbaji anapomaliza mstari. Kwenye laivu halisi, fundi anapopandisha au kushusha njia ya mwimbaji, matoazi yaliyovuja humo yanapanda na kushuka nayo, na rangi ya ngoma inabadilika kidogo. Yasipotikisika kabisa, na sauti ikawa kavu na ya karibu, inawezekana iliimbwa kwenye chumba kimya. Halafu sikiliza hadhira. Maiki iliyo mita 30 kutoka jukwaani inapata sauti ikiwa imechelewa karibu sehemu 9 za 100 za sekunde, na humo ndani mna onyesho la kwanza, pamoja na makosa yake. Fundi aliyebadilisha solo analazimika kuzishusha maiki hizo solo linapopigwa na kuzipandisha likiisha. Ndiyo maana kwenye albamu fulani ukumbi unazimika ghafla katikati ya wimbo, kisha unafufuka kwa makofi. Na ukisikia mluzi uleule, wa mtu yuleyule, kwenye nyimbo mbili tofauti, hadhira imekatwa na kubandikwa.

Kuna jaribio moja la kompyuta. Fungua wimbo kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity, chagua `Split Stereo to Mono`, kisha upande mmoja tu upige `Invert`, inayogeuza wimbi la sauti juu chini, na uzicheze pande zote mbili pamoja. Kilichokuwa katikati kabisa kinafutika, na kwa kawaida mwimbaji mkuu yuko hapo. Tega sikio kwenye mabaki. Wakati mwingine utasikia, kwa mbali ndani ya maiki za ngoma, mwimbaji yuleyule akiimba mstari uleule kwa kuchelewa au kuwahi kidogo. Huyo ni wa usiku ule. Uliyemfuta ni wa studio. Ila usichanganye na mwangwi ulioongezwa na fundi, maana nao unabaki: mwangwi hufuata maneno kwa umbali uleule kila mara, wakati mtu aliyerudia kuimba hawezi kupatana na nafsi yake kila silabi.

Si kila cha studio kimefichwa. Kwenye Live Killers ya Queen, ya 1979, ile sehemu ya kwaya katikati ya Bohemian Rhapsody ni mkanda wa studio, na hata ukumbini ilikuwa hivyohivyo: Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na wenzake walitoka jukwaani mkanda ukapiga, kisha wakarudi. Kwa upande mwingine, Rob Halford wa Judas Priest amekubali kwamba sauti yake kwenye Unleashed in the East, ya 1979, ilirudiwa kwa sababu ya Tokyo haikufaa. Mashabiki walikuwa wameshaibatiza jina la Unleashed in the Studio.

Unapopata kazi yako ya kwanza, omba njia mbili za hadhira zisizoguswa na mtu, na besi ichukuliwe kwa waya hata kama ina maiki. The Who walirekodi pia Hull, usiku uliofuata baada ya Leeds, na kwenye nyimbo za mwanzo besi ya Entwistle haikuingia kwenye mkanda. Onyesho hilo lilikaa kabatini miaka 40. Lilipotoka mwaka 2010, mafundi walikuwa wameichukua besi ya Leeds, iliyokuwa kwenye njia yake peke yake, wakaisogeza noti kwa noti hadi ikakaa chini ya ngoma za Hull.