Mkalimani wa fildi, kikao cha watu sita

"Niko fildi, kesho nakalimani Kiingereza–Kiswahili kikao cha mradi wa maji, watu sita. Niandike kila neno? Na nisiposikia vizuri?"

Usiandike kila neno. Mkono utachelewa na sikio litaacha kusikiliza. Wapo wanaosema usiandike chochote, nao wana haki nusu: wazo kaa nalo kichwani, ila namba, majina na tarehe ziandike papo hapo.

Tuseme mgeni anasema: "Tulipanga visima vitatu kufikia Juni, lakini kwa kuwa pampu zimekwama bandarini, tutaanza na kimoja." Daftarini, ukishuka chini kwa mshazari: 3 visima → Juni. Pembeni kushoto: LKN, yaani lakini. Halafu: pampu X bandari. Mwisho: → 1 kwanza. Piga mstari, hoja nyingine. Hiyo LKN ndiyo wageni wengi wa kazi hii huisahau, na bila hiyo ahadi ya Juni inasikika bado iko hai.

Ukiwa na shaka, uliza kabla hujafungua mdomo kukalimani. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza hukaribiana mno masikioni. Kwa kuwa unasema "mimi" kwa niaba ya mzungumzaji, jitaje kando: "Mkalimani anaomba kuhakikisha, ni kumi na tano?" Kisha waambie na wa upande wa pili ulichouliza, wasidhani mnanong'onezana. Ukigundua baadaye umekosea, rekebisha vivyo hivyo.

Mzungumzaji akizidi dakika mbili tatu bila kupumua, inua mkono kidogo. Ila hili mpatane naye kabla kikao hakijaanza. Wakubwa wengine hukereka.